Meseji moja, maswali matano: ujibu yote, uulize kwanza, au ugawanye?

Kama unafanya kazi ya sapoti hii meseji unaijua. Inaingia asubuhi mapema, haina nukta wala aya, ndani yake kuna maswali matano, na mawili kati ya hayo huelewi hata anaongelea kitu gani. Mimi nahudumia watu wanaohamisha tovuti na imeili zao kutoka seva moja kwenda nyingine, na huku meseji za hivi ndo nyingi kuliko zote, maana mtu anayehama ana mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja na anayamwaga yote kabla hayajampotea. Hajakosea, ndivyo mtu mwenye wasiwasi anavyoandika.

Nataka nilinganishe njia nne za kuijibu meseji ya namna hii, na nitatumia meseji moja tu mwanzo mpaka mwisho ili uone kila njia inakufikisha wapi. Nimeiunda mwenyewe kutokana na nyingi nilizopokea, ila hakuna kilichomo ndani yake ambacho sijawahi kuulizwa. Tuseme imeingia jumatano asubuhi:

> Habari za asubuhi, jana mchana nimebadilisha domeni kama mlivyonielekeza ila nikifungua tovuti bado naona ile ya zamani sasa itachukua muda gani na zile imeili zangu za nyuma zitakuja zenyewe au vipi, pia kule kwa zamani naweza kufuta leo maana ijumaa wananikata tena hela ya mwaka mzima halafu nataka nibadilishe ile paswedi na kijana wangu wa ofisini naye awe na yake, naomba msaada

Hesabu. Tovuti itabadilika lini, imeili za nyuma zitakuja, nifute kule leo, nibadilishe paswedi, kijana awe na yake. Matano. Halafu kuna kitu cha sita ambacho sio swali kabisa, ijumaa. Hilo neno limejificha katikati ya sentensi na ndo linaloamua mpangilio wa kila kitu, kwahiyo kabla hujaanza kuandika jibu lichomoe kwanza uliweke pembeni. Watu wengi wanatafuta alama za kuuliza, wanapitwa na tarehe.

Kabla sijafika kwenye zile njia, kila swali mimi nalipitisha kwenye vitu viwili. Cha kwanza, naweza kulijua hili mwenyewe bila kumsumbua? Cha pili, nikikisia nikakosea, linarudishika? Yaani sio "naelewa au sielewi" tu, maana kuna swali unaloelewa vizuri sana na bado hutakiwi kulijibu kwa kukisia, na kuna swali lenye utata ambalo ukikosea hakuna kinachoharibika.

Chukua la kwanza, la muda. Kirahisi unaweza kumuuliza amebadilisha saa ngapi, anatumia mtandao gani, amefuta kashe ya brauza, maswali matatu ya kumchosha bure. Wakati mimi nina domeni yake mbele yangu, naandika mistari miwili tu, kuziuliza seva mbili za umma neimseva zake ni zipi, yaani zile seva zinazoelekeza watu domeni iko wapi:

```
dig +short NS example.com @8.8.8.8
dig +short NS example.com @1.1.1.1
```

Ya juu ikinirudishia neimseva zetu na ya chini ikinirudishia za zamani, basi nimeshajibiwa. Mabadiliko yamefanyika kweli, ila seva za njiani bado zimeshika nakala ya zamani, na kwa domeni za .com hiyo nakala huwekewa muda wa sekunde 172800, yaani siku mbili kamili. Yeye kabadilisha jumanne mchana, kwahiyo alhamisi mchana ndo mwisho wa kawaida. Jibu kamili, bila swali hata moja. Na huohuo utafutaji umenipa kitu kingine ambacho hakukiuliza: kama kuna watu bado wanaelekezwa kule kwa zamani, basi hata imeili mpya anazotumiwa leo baadhi zinaangukia kule. Hapo swali la kwanza limeshaligusa la tatu, la kufuta.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza: jibu yote matano palepale, pasipoeleweka kisia

Hii inavutia kweli, nakubali. Tiketi unaifunga kwa meseji moja, mteja anaona umemjali, na mara nyingi unakisia sawa. Tatizo liko kwenye "mara nyingi". Kwa meseji hii jibu la kukisia lingekuwa hivi: subiri masaa 24 mpaka 48, imeili hazihami zenyewe tutakuhamishia, ndio unaweza kufuta tukimaliza, paswedi badilisha kwenye paneli yetu, kijana tumemfungulia imeili yake. Linapendeza kwa macho. Lisome tena kama yeye.

Yeye aliuliza "naweza kufuta leo" na umemwambia "ndio tukimaliza". Kumaliza nini? Akifungua tovuti jioni akaona ile mpya, kwa upande wake mmeshamaliza. Anaenda kufuta.

Hili limenikuta. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye kampuni nyingine, mteja aliniuliza hivihivi na mimi nikacheki tovuti tu, nikaona imehama, nikamjibu ndio futa. Asubuhi yake akafungua programu yake ya imeili kwenye kompyuta akakuta inboksi tupu. Miaka ya barua, mikataba, kila kitu. Na kompyuta haijaharibika wala nini, ilikuwa inafanya kazi yake: alikuwa anatumia IMAP, na kwa IMAP zile barua unazoziona kwenye kompyuta ni kivuli cha zilizoko kwenye seva. Programu ikaunganishwa na seva mpya, ikakuta pametupu, nayo ikaonyesha patupu. Kule kwa zamani akaunti imeshafutwa na wao wakasema bekapu hawanayo tena. Nilikaa na yule baba kwenye simu zaidi ya saa moja na sikuwa na cha kumpa. Swali alilouliza lilikuwa wazi kabisa, mimi ndo nilijibu swali la tovuti wakati yeye kauliza la akaunti nzima.

Kwahiyo udhaifu wa njia hii hauko kwenye maswali yenye utata peke yake. Uko kwenye kuyapa matano uzito sawa. Ukikisia vibaya kwenye muda mtu atasubiri kidogo, ukikisia vibaya kwenye kufuta hakuna kurudi nyuma.

Na pale kwenye paswedi, "ile" ni ipi? Mtu mwenye tovuti ana paswedi angalau nne: ya kusomea imeili, ya kuingia kuhariri tovuti, ya akaunti yake kwetu anapolipia, na ya huko domeni iliposajiliwa. Ukikisia ni ya imeili ukamtumia maelekezo naye akayafuata, umebadilisha kitu ambacho hakukitaka na simu yake inaanza kumkatalia kuingia. Inarudishika, sawa, ila sasa una tiketi mbili.

Ya pili: usijibu kitu mpaka uelewe vyote

Hii ni njia ya watu makini, hasa walioungua kama mimi. Baada ya lile tukio nilihamia huku moja kwa moja na nilikaa nayo muda mrefu nikidhani ndo uangalifu. Unamwandikia: ahsante kwa meseji yako, ili tukusaidie vizuri naomba utujulishe, moja, umebadilisha saa ngapi, mbili, imeili unatumia POP au IMAP, tatu, akaunti ya zamani ni ya kampuni gani na inaisha lini, nne, paswedi ipi, tano, kijana anahitaji ruhusa gani.

Kinachotokea ni kwamba mtu aliyekuja na maswali matano anaondoka na kumi. Atajibu mawili, kwa kawaida lile la mwanzo na lile lililo rahisi, mengine atayaruka, na lile la POP au IMAP atakujibu "ndio". Sisemi kwa kumcheka, nimeipokea hiyo "ndio" mara nyingi na nimeelewa sababu yake: umemuuliza kwa neno ambalo kwake halina picha yoyote, yeye anajua tu kwamba imeili anayo na anaitumia.

Halafu kuna ijumaa. Umemwandikia jumatano saa nne, anajibu nusu jumatano usiku, unamuuliza iliyobaki alhamisi asubuhi, yuko kwenye mizunguko anajibu alhamisi jioni, na hela inakatwa ijumaa. Au mbaya zaidi, anaona mnamzungusha na siku zinaisha, anaamua mwenyewe, anafuta. Hapa ndo watu wanaposahau, kwamba kukaa kimya kwenye swali la kufuta nako ni jibu. Hukumwambia asifute, basi hajazuiwa.

Ila ina mahali pake na nitairudia.

Ya tatu: jibu kwa matawi, kama hivi basi hivi, kama vile basi vile

Badala ya kumuuliza, unampa majibu yote mawili achague lake. Naipenda hii kwa swali la imeili, maana linagawanyika mara mbili tu na kila tawi ni fupi. Barua zake aidha ziko kwenye seva ya zamani, hiyo ndo IMAP, au zimeshushwa zikabaki ndani ya kompyuta yake peke yake, hiyo ndo POP. Kinachonisaidia ni kutomuuliza jina la mfumo, namwambia afanye kitu cha kuona kwa macho:

> Ingia imeili yako kupitia brauza, kule kwa zamani, sio kwenye programu ya kompyuta. Ukiziona barua za miezi ya nyuma zipo, basi tunazinakili kuja huku. Ukikuta pametupu au ziko za siku chache tu, basi barua zako ziko ndani ya kompyuta, usiondoe akaunti kwenye programu wala usifute kitu, niambie tu.

Angalia, hapo sijataja IMAP wala POP na bado nitaelewa kila kitu. Na tawi la hatari nimelifunga na "usifute", kwahiyo hata asiponirudishia jibu leo hakuna kitakachoharibika. Tawi zuri ni lile ambalo mtu akilifuata bila kukujulisha bado yuko salama.

Inapovunjika ni kwenye paswedi. Paswedi nne, kila moja ina maelekezo yake ya mistari mitano sita, halafu na kijana naye ana uwezekano wake, imeili yake mwenyewe, au kuingia kuhariri tovuti, au kusaidia malipo. Ukiandika yote hayo kwa kama na kama, umemtumia ukurasa mzima ambao robo tatu yake haimhusu, na lile onyo la kutofuta limezama katikati. Nimeshaona mtu anafuata tawi ambalo sio lake kwasababu tu lilikuwa la juu. Kwangu mimi mpaka ni matawi mawili, na kila tawi lisizidi sentensi mbili tatu. Yakifika matatu, uliza.

Ya nne: gawanya, jibu yanayojibika, zuia ya hatari, uliza kitu kimoja

Hii ndo ninayoitumia sasa, na inachukua kidogo kutoka kwa zote tatu. Maswali yanagawanyika makundi matatu na sio mawili. Watu wanafikiri ni la kujibu au la kuuliza, ila kuna la katikati, la kuzuia: sijui jibu kamili bado lakini najua cha kukwambia usifanye. Swali la kufuta liko hapo. Sihitaji kujua chochote zaidi ili niseme usifute leo.

Lakini kumwambia "usifute" peke yake hakutoshi, maana yeye hataki kufuta kwa raha zake, anaogopa kukatwa hela ijumaa. Ukimzuia bila kuigusa hiyo hofu atakushukuru halafu alhamisi usiku atafuta. Kwahiyo rudi kwenye sababu: anachotaka ni malipo yasijirudie, na hicho ni kitu tofauti na kufuta akaunti. Kampuni nyingi zina sehemu ya kuzima malipo ya kujirudia, akaunti inabaki hai mpaka siku yake ya mwisho, na ukibadili mawazo unaiwasha tena. Umempa kinachorudishika mahali pa kisichorudishika.

Na hapo kuna mtego mmoja wa kucheki mwenyewe kabla hujamwambia. Domeni yake imesajiliwa wapi? Kubadilisha neimseva hakuhamishi usajili. Naandika `whois example.com`, naangalia mstari wa `Registrar:`, na kama ni kulekule kwa zamani basi kwenye akaunti yake kule kuna vitu viwili vinavyolipiwa, seva na domeni. Akizima vyote kwa hasira, domeni itaisha muda wake na tovuti na imeili zitapotea pamoja hata kama huku kwetu kila kitu kiko sawa. Hilo hakuliuliza na hatakaa aliulize, kwahiyo linaingia kwenye jibu la kufuta kama sehemu yake.

Sasa yale mawili ya mwisho. Ukiyaangalia yanaonekana maswali mawili, lakini yote yananing'inia kwenye neno moja, "ile". Nikijua "ile paswedi" ni ya nini, "yake" nayo karibu itajulikana. Kwahiyo siulizi mawili, nauliza moja linalofungua yote. Hii naitafuta kila mara, maana kwenye maswali matano mara nyingi utata uko sehemu moja tu na umejirudia. Nauliza kwa namna ambayo anaweza kujibu kwa kuandika tarakimu.

Jibu lenyewe likawa hivi:

> Habari za asubuhi ndugu. Naanza na lenye haraka.
>
> Kufuta kule: tafadhali usifute leo. Mpaka kesho mchana baadhi ya imeili unazotumiwa bado zinaangukia kule, na za nyuma zote bado hazijanakiliwa. Kuhusu hela ya ijumaa, ingia kule uzime malipo ya kujirudia ya seva tu. Ya domeni usiiguse, domeni yako bado imesajiliwa kwao. Kesho jioni nitakuandikia kukwambia kama kuna kilichobaki kule.
>
> Tovuti: nimecheki, mabadiliko yako yamekubali. Baadhi ya mitandao tayari inaonyesha mpya, mwisho ni kesho mchana. Huna cha kufanya.
>
> Imeili za nyuma: haziji zenyewe. Ingia kupitia brauza kule kwa zamani, ukiziona zipo, jaza fomu hii ya kunakili tuanze leo (paswedi iweke kwenye fomu, usinitumie kwenye meseji). Paswedi ya imeili ya kule usiibadilishe kwanza, ukiibadilisha kunakili kutakatika katikati. Ukikuta pametupu usifute kitu chochote kwenye kompyuta, niambie.
>
> Paswedi na kijana: haya nimeyasimamisha mpaka unijibu kitu kimoja. Paswedi unayotaka kubadilisha ni ya (1) kusomea imeili, (2) kuingia kuhariri tovuti, au (3) akaunti yako kwetu unapolipia? Niandikie namba tu, na kama kijana anahitaji nyingine tofauti niandikie namba yake.

Mambo machache kuhusu hilo jibu. Mpangilio wa jibu sio mpangilio wa meseji yake, lile la tatu nimelipandisha juu kwasababu ya ijumaa, na nimemwambia kwamba naanza na lenye haraka ili asidhani nimeyaruka mengine. Kila aya inaanza na maneno yake mwenyewe, kufuta kule, imeili za nyuma, sio maneno yangu ya kazini, ili akipitisha macho alione swali lake. Na swali langu liko mwisho kabisa, peke yake. Zamani nilikuwa naweka swali katikati, naandika na majibu chini yake, na linapita bila kujibiwa kila siku, maana mtu akishasoma jibu analolitaka anarudi kwenye shughuli zake. Kinachobaki mkononi mwake ni mstari wa mwisho.

Halafu neno "nimeyasimamisha". Hili kwangu ni la lazima. Swali usilolijibu na hukusema chochote kuhusu hilo, mteja analisoma kwa namna mbili, umelisahau au jibu ni hapana, na zote zinaumiza. Sema wazi kwamba hili limesimama na linasubiri nini.

Chaguo la paswedi ya nne, ile ya huko domeni iliposajiliwa, nimeliacha makusudi. Sio letu, hatuwezi kumbadilishia, na chaguzi tatu mtu anazishika kichwani. Kama ni hiyo atasema "hakuna hapo", na hilo nalo ni jibu.

Basi uchague ipi

Ya nne ina gharama, nisifiche. Inakula muda, kama dakika kumi na tano kwa meseji moja ukiwa na ile ya kucheki mwenyewe, na kama una tiketi sitini kwenye foleni utaisikia. Kwahiyo siitumii kila mahali.

Kama maswali yote matano yanarudishika, mtu anauliza rangi, ukubwa wa picha, fonti, jinsi ya kubadilisha kichwa cha ukurasa, jibu yote kwa kukisia na andika umekisia nini: "nimechukulia unaongelea ukurasa wa mwanzo". Akiona sio, atakusahihisha kwa mstari mmoja. Kumuuliza kwanza hapo ni kumchelewesha bure.

Kama swali moja linashikilia mengine yote, uliza kwanza na usijibu kitu. Mfano mtu ana domeni mbili kwetu na meseji nzima anasema "tovuti yangu". Hapo kila jibu utakalotoa linaweza kuwa la tovuti nyingine, kwahiyo njia ya pili, lakini kwa swali moja fupi, sio matano. Pia kama anayeandika humtambui, anataka kubadilishiwa paswedi na imeili anayotumia sio iliyoko kwenye akaunti, usijibu hata la muda, thibitisha kwanza ni yeye. Matano yote yanasubiri hapo.

Matawi yatumie pale kuna njia mbili tu na mtu anaweza kuona mwenyewe yuko ipi bila kujua istilahi.

Simu nayo ipo. Mimi napiga pale ambapo kisichorudishika kiko ndani ya masaa machache, mfano kama meseji hii ingeingia ijumaa asubuhi. Ila baada ya simu namwandikia tulichokubaliana, kwasababu ya kwenye simu watu wanaikumbuka nusu na nusu yenyewe kila mtu ana yake.

Utajuaje umegawanya vibaya? Angalia jibu linalorudi. Akirudia swali lake kwa maneno mengine, jibu lako hakuliona, liko ndani sana au halina maneno yake. Akijibu "sawa ahsante" na wewe ulimuuliza kitu, swali lako halikuonekana, usilisubiri, litume tena peke yake bila kitu kingine. Akijibu "ndio" kwenye swali la hii au ile, swali ulilitunga vibaya, weka namba. Na akikwambia "nimeshafuta", piga simu dakika hiyohiyo kwa kampuni ya zamani pamoja naye, kuna wanaobaki na bekapu kwa siku chache na kila saa inayopita inapunguza.

Kwa huyu wa jumatano jibu la kawaida ninalopata ni fupi, kitu kama "1, na yeye 1 yake, imeili nimeziona zipo, fomu nimejaza". Hapo najua kijana anataka imeili yake mwenyewe, namfungulia ndani ya dakika tano. Kunakili kunaanza jumatano, alhamisi mchana nacheki tena zile seva mbili, zote zikionyesha neimseva zetu nanakili mara ya pili kuchukua zile barua zilizoangukia kule katikati, halafu naingia inboksi ya zamani na mpya nalinganisha idadi ya barua folda kwa folda, hasa zilizotumwa, maana hiyo ndo folda inayosahaulika. Zikilingana namwandikia jioni kwamba kule hakuna kilichobaki. Seva ya zamani itajifunga yenyewe ijumaa bila kumkata hela, na paswedi yake ya imeili anabadilisha hapo, huku kwetu.

Mara nyingine jibu linarudi na maswali matano mapya, na lile langu halijaguswa. Hapo nagawanya upya kama mwanzo, isipokuwa lile langu sasa nalipandisha mstari wa kwanza kabisa, na mapya nayajibu yale tu ambayo hayategemei jibu lake.